Maharage ya wiki nzima katika friza ndogo

Friza ndogo ya kifuniko cha juu, ya lita 100 hivi, hutunza ubaridi vizuri kwa sababu hewa baridi ni nzito na hubaki chini kifuniko kinapofunguliwa. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kugandisha chakula kingi kwa mara moja. Sufuria kubwa ya chakula cha moto ikiingizwa humo, joto hupanda na vilivyokuwa vimeganda huanza kulainika.

Chakula kinachofaa kupikwa kwa wingi ni kile kinachomaliza mkaa au gesi, na maharage ndiyo ya kwanza. Kilo 2 za maharage makavu, zikilowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi kuiva, hutoa karibu kilo 5, milo mitano ya familia ya watu sita. Yachemshwe kwa maji na chumvi kidogo tu. Vitunguu, nyanya na nazi husubiri siku ya kula, na hapo kuunga ni kazi ya dakika 20.

Yakishaiva, yagawanywe kwenye vyombo vipana ili yapoe haraka, maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Kisha yatiwe kwenye mifuko minene ya zipu, mlo mmoja kila mfuko, pamoja na maji yake kidogo. Hewa itolewe, mfuko ulazwe uwe bapa, na tarehe iandikwe. Mifuko miwili au mitatu igandishwe kwanza ikigusa ukuta wa friza. Iliyobaki ikae kwenye jokofu hadi kesho yake. Ikishaganda, husimamishwa wima, na nafasi ndogo hutosha mingi. Ladha yake hubaki nzuri kwa miezi mitatu hivi.

Vyakula vingine huharibiwa na barafu yenyewe. Maji ndani ya chakula yakiganda hutanuka na kupasua nyama yake. Ndiyo maana tango, kabichi ya kachumbari na letusi hutoka zikiwa teketeke. Viazi mbatata vya mchuzi huwa na chengachenga na kuvuja maji, hivyo ni afadhali vitiwe wakati wa kupasha. Tui la nazi hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Halidhuru, lakini mchuzi hauvutii tena. Ute wa yai lililochemshwa hukakamaa kama mpira. Muhogo uliomenywa na chapati, kwa upande wao, huvumilia vizuri sana.

Umeme ukikatika, kifuniko kisifunguliwe. Friza iliyojaa hukaa na ubaridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Mfuko ambao bado una vipande vya barafu unaweza kugandishwa tena. Uliopoteza ubaridi kwa zaidi ya saa mbili utupwe, hata kama hauna harufu.