Kwa Nini Mifereji ya Mota Hulazwa Mshazari

Mafundi wengi wanaounda mitambo midogo ya upepo huanza na mota ya kawaida, ile iliyokuwa ikiendesha pampu au mashine ya kusaga. Huitoa rota, huikereza ipungue kipenyo, kisha hubandika juu yake sumaku kali za neodimiamu. Mapanga yakizungusha rota hiyo, koili za stata hutoa umeme. Siku ya kwanza ya kuzungusha shafti kwa mkono, hata hivyo, wengi hushangaa. Shafti inagoma, inaruka, kisha inagoma tena, ingawa beringi ni mpya na nyaya hazijaunganishwa na kitu chochote.

Chanzo chake ni chuma cha stata. Upande wa ndani wa stata si laini: una meno ya chuma, na kati ya jino na jino kuna mfereji unaobeba nyaya. Sumaku huvutwa na chuma, wala haivutwi na uwazi wa mfereji. Kwa hiyo rota hutafuta mahali ambapo sumaku zake zinakabiliana vizuri zaidi na meno, na ikishapapata hung'ang'ania hapo. Vita vyenyewe hupiganwa kwenye kingo za sumaku, maana katikati ya sumaku jino likiondoka jingine huingia. Ukingo unapovuka mdomo wa mfereji, rota huvutwa nyuma kwanza, kisha husukumwa mbele. Huo ndio mkwamo wa meno, nao upo hata pasipo umeme wowote.

Idadi ya mikwamo katika mzunguko mmoja hupatikana kwa hesabu ya shuleni: kigawe kidogo cha shirika cha idadi ya mifereji na idadi ya ncha za sumaku. Tuchukue stata yenye mifereji 36 na rota yenye ncha 4. Kigawe chao ni 36, hivyo shafti hukwama mara 36 kila mzunguko, yaani kila baada ya nyuzi 10.

Kwa mtambo wa upepo, jambo hilo linaweza kuharibu kazi yote. Mapanga ya kipenyo cha mita 2 yaliyosimama, katika upepo wa mita 3 kwa sekunde, huenda yasifikishe torki ya nusu nyutoni-mita. Mkwamo ukizidi hapo, mtambo utasimama tu huku upepo ukipita. Kuupima hakuhitaji chombo cha gharama. Fundi hufunga ubao mwepesi kwenye shafti, akausawazisha pande zote mbili, kisha akaning'iniza chupa sentimita 20 kutoka katikati na kuijaza maji polepole. Rota ikiruka chupa ikiwa na nusu lita, torki iliyohitajika ni karibu nyutoni-mita 1. Akirudia sehemu mbalimbali za mzunguko atatambua pia kama tatizo ni msuguano: msuguano hauirudishi rota nyuma, ilhali mkwamo wa sumaku huirudisha rota mahali ilipokuwa mtu akiiachia kabla haijavuka.

Dawa yake fundi huyo ameishaiona bila kujua. Rota ya asili aliyoikereza ilikuwa na fito za alumini zilizolazwa mshazari kidogo badala ya kunyooka sambamba na shafti. Viwanda huzilaza hivyo kwa sababu za aina hiihii, na kwenye mota za sumaku hufanya vivyo hivyo kwa mifereji ya stata.

Stata hupangwa kwa bati nyembamba za chuma. Ikiwa na urefu wa milimita 100 na kila bati lina unene wa nusu milimita, bati ni 200. Kila bati likigeuzwa nyuzi 0.05 kuliko lililotangulia, mfereji hulala mshazari kwa nyuzi 10 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Sasa ukingo mmoja wa sumaku hauvuki mfereji wote kwa mpigo. Sehemu yake moja inavutwa nyuma wakati sehemu nyingine inasukumwa mbele, na kwa kuwa mshazari umefunika hatua nzima ya mkwamo, mivuto yote huwa na mpinzani wake. Jumla yake hukaribia sifuri.

Kipimo hicho lazima kiwe sahihi. Mshazari wa nyuzi 5 huacha takriban asilimia 64 ya mkwamo mkuu, na wa nyuzi 9 bado huacha asilimia 11.

Fundi wa mtaani hawezi kuzigeuza bati za stata iliyokwisha kufungwa, lakini matokeo ni yaleyale akizilaza sumaku. Tuseme rota yake ina kipenyo cha milimita 79 na kila ncha ina safu 4 za sumaku, moja ikifuata nyingine kwenye urefu wa rota. Hapa ndipo wengi hukosea: hugawa nyuzi 10 kwa nafasi 3 zilizo kati ya safu, ili safu ya mwisho iwe nyuzi 10 mbele ya ile ya kwanza. Safu hizo mbili hukwama kwa pamoja, na robo ya mkwamo mkuu hubaki. Hesabu sahihi ni kugawa kwa idadi ya safu: nyuzi 2.5, ambazo kwenye uso wa rota hiyo ni milimita 1.7 kila hatua.

Mshazari una bei yake. Umeme unaozaliwa sehemu mbalimbali za mfereji haufiki kileleni kwa wakati mmoja, hivyo volti hupungua. Kwa mota yetu upungufu ni nusu asilimia tu: penye volti 200 hupotea volti 1. Kwa mota ya mifereji 12 na ncha 8, inayohitaji mshazari wa nyuzi 15, upungufu hufika asilimia 4.5. Isitoshe, nyaya hurefuka na kuzipanga ndani ya mfereji uliolala ni kazi ngumu zaidi, kwa mkono na kwa mashine.

Hata mkwamo ukiisha, mtambo unaweza kutetemeka ukianza kutoa umeme. Hayo ni mawimbi ya torki, na sehemu yake kubwa hutokana na mkondo wenyewe. Umbo la volti si wimbi safi, na diodi zinazochaji betri huuchukua mkondo kwa mikupuo 6 katika kila wimbi la umeme. Rota ya ncha 4 hutoa mawimbi mawili kila mzunguko, hivyo mikupuo huwa 12. Mshazari wa nyuzi 10 hufuta karibu wimbi lote linalotokana na meno, lakini kasoro za volti zinazolisha mikupuo hiyo 12 huzipunguza kwa asilimia 12 na 23 tu.

Tofauti hiyo husikika. Kwa kasi ya mizunguko 300 kwa dakika, mkwamo wa meno huvuma mara 180 kwa sekunde, na mikupuo ya mkondo mara 60. Mvumo mwembamba unaobaki hata nyaya zikifunguliwa unaonyesha kwamba mshazari haukupimwa sawasawa. Ule mzito unaotoweka nyaya zikifunguliwa ni wa mkondo, na kuzisogeza sumaku kwa hatua hizo ndogo hakutautuliza.

Asiyetaka mkwamo hata kidogo ana njia nyingine, ile iliyoenezwa na Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti: koili humiminiwa ndani ya sahani ya plastiki ngumu isiyo na chuma, katikati ya diski mbili za sumaku. Pasipo meno hakuna cha kuikwamisha rota. Lakini mwanya ambao sumaku zinapaswa kuuvuka huwa mpana zaidi, kwa hiyo hutakiwa sumaku nyingi zaidi kupata umeme uleule, na sumaku ndizo zinazogharimu.