Kioo Ndicho Bosi wa Picha ya Jimu

Mwenye jimu anayetaka wanachama wapya ana njia mbili za kupata picha ya kipeperushi chake. Ya kwanza ni kuchukua mtandaoni picha ya jimu ya Ulaya au Marekani, akaipachika namba ya simu na ada ya mwezi. Ya pili ni kumwita mpiga picha apige chumba chenyewe: mashine zilizopo, vioo vilivyopo, watu wanaofanya mazoezi pale kila jioni. Njia ya kwanza ni rahisi, lakini mteja akipanda ngazi na kukuta chumba kingine kabisa, anaanza uanachama akiwa na shaka. Njia ya pili ina ugumu wake, na sehemu kubwa ya ugumu huo iko ukutani.

Jimu karibu zote zina kioo kirefu ili anayenyanyua vyuma aone mgongo na magoti yake. Kwa mpiga picha, kioo hicho ni faida na mtego kwa wakati mmoja. Faida ni kwamba chumba kinaonekana kipana maradufu, na mtu mmoja anaonekana uso na mgongo katika picha ileile. Mtego ni kwamba kioo kinaonyesha pia kila kilichotakiwa kufichwa: kamera, stendi ya flashi, ndoo ya deki, na jina la jimu lililoandikwa ukuta wa pili, ambalo sasa linasomeka kinyumenyume.

Wengi hudhani kichujio cha kukata mng'ao, kile kinachofungwa mbele ya lenzi, kitawaokoa. Hakiwezi. Kichujio hicho hupunguza mng'ao wa maji, wa dirisha au wa sakafu iliyopakwa vanishi. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na mwanga unaorudishwa na madini haukatwi kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kuchagua vizuri mahali pa kusimama.

Kanuni ni ile ya darasa la fizikia: mwanga huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Tuchukue chumba cha kufikirika chenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Kioo kiko kwenye ukuta mrefu. Kinaanza mita 3 kutoka kona ya mlango na kuishia mita ya 9. Kamera itajiona kwenye kioo ikiwa tu mstari ulionyooka kutoka kwenye lenzi hadi ukutani, wa kukutana na ukuta kwa pembe mraba, unaangukia kwenye kioo. Kwa hiyo mpiga picha akisimama mita 1.5 kutoka kona ya mlango na mita 3 kutoka ukutani, mstari huo unaangukia kwenye rangi ya ukuta, kabla kioo hakijaanza. Hapo anaweza kuigeuza kamera atakavyo, kioo hicho hakitamwonyesha. Anapiga akitazama kwa mshazari, na kioo kinakuwa kama barabara inayoingia ndani ya picha.

Kumficha mpiga picha ni kazi nyepesi kuliko kuficha flashi. Tuseme flashi ya nyuma, ile inayochora mstari wa mwanga kwenye mabega, imewekwa mita ya 8, mita 2 kutoka ukutani, nyuma ya fremu ya kuwekea chuma. Kutoka kwenye kamera haionekani, fremu imeificha. Lakini kioo kinaitazama kutoka ubavuni. Ukipiga hesabu ya pembe, mwanga wake unagonga ukuta kwenye mita ya 5.4, katikati ya kioo, na picha itakuwa na nyota nyeupe mahali pasipotakiwa. Ikisogezwa hadi mita ya 11.5, nusu mita tu kutoka ukutani, nyuma ya mashine ya kukimbilia, mahali pa kugonga panahamia mita ya 10, ambapo hakuna kioo. Nyota inatoweka.

Si lazima kupiga hesabu hizo siku ya kazi. Msaidizi asimame pale flashi itakapokaa akiwa ameshika tochi ya simu, na mpiga picha atazame kupitia kamera. Tochi ikionekana kwenye kioo, flashi nayo itaonekana. Wanasogea hatua kwa hatua mpaka ipotee.

Kioo kikishatulizwa, linakuja suala la mwanga wenyewe. Taa za dari za jimu zimewekwa ili watu wasijikwae, nazo humulika kila kitu kwa usawa kutoka juu. Mwili wenye misuli ukimulikwa hivyo unaonekana bapa, na macho yanakuwa na vivuli vyeusi. Misuli huonekana pale mwanga unapotoka ubavuni au nyuma kidogo ya mtu, kwa sababu kila mbonyeo wa ngozi unatupa kivuli chake. Ndiyo maana picha za jimu zenye mvuto huwa na giza nyingi: flashi moja ubavuni, nyingine nyuma, na taa za dari zikiwa zimezimwa au zimepunguzwa. Kioo nacho husaidia hapa, kwa kuwa mwanga wa flashi ya ubavuni ukikigonga hurudi na kulainisha upande wenye kivuli.

Wenye jimu za siku hizi huweka pia taa za ukanda za rangi, bluu au nyekundu, kuzunguka dari, nao hutaka zionekane kwenye kipeperushi. Hapo kunazuka mgongano. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona. Kamera ikifunguka kwa 1/100 ya sekunde inakusanya mpepeso mmoja mzima na picha inatoka safi. Ikifunguka kwa 1/500, inashika kipande tu cha mpepeso, na michirizi ya giza inajitokeza kwenye picha. Kwa hiyo taa zinadai kamera ya polepole, ilhali watu walio katikati ya zoezi wanadai kamera ya haraka. Mkono unaotikisa kamba nzito ukienda mita 5 kwa sekunde, ndani ya 1/100 ya sekunde unakuwa umesogea sentimita 5. Hizo zinatosha kuugeuza ukungu.

Suluhisho lilishaonyeshwa miaka ya 1930 na Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyetumia mimweko mifupi ya umeme kusimamisha tone la maziwa linaporuka. Katika chumba chenye giza, kinachosimamisha mwendo ni ufupi wa mmweko, wala si kasi ya kamera. Flashi ndogo ya kawaida ikipunguzwa hadi robo ya nguvu zake humweka kwa takriban 1/2500 ya sekunde. Ule mkono wa kwenye kamba utakuwa umesogea milimita 2 tu. Kamera inabaki kwenye 1/100 ili taa za rangi zitoke bila michirizi, na mmweko unashughulika na mwili.

Mpangilio huo una sharti moja: mwanga wa chumba usimfikie mtu kwa nguvu. Ukimfikia, picha inakuwa na mkono mkavu uliozungukwa na kivuli cha mkono wa pili. Kipimo chake ni kupiga picha moja flashi zikiwa zimezimwa. Mikanda ya rangi ionekane, lakini mtu awe karibu mweusi kabisa. Akionekana vizuri, kuna taa bado inatakiwa kupunguzwa.

Sasa watu wenyewe. Zoezi moja litarudiwa mara nyingi kabla picha haijakubali, na mtu aliyechoka hukunja mgongo. Kosa hilo mpita njia hatalijua, ila kila anayefanya mazoezi, yaani mteja mwenyewe, ataliona. Wazoefu wanatumia vyuma vyepesi vinavyoonekana vizito. Sahani za mpira za mashindano ya kunyanyua vyuma, kuanzia kilo 10 hadi 25, zote zina kipenyo cha milimita 450. Tofauti iko kwenye unene na rangi. Nondo ya kilo 20 yenye sahani ya kilo 10 kila upande inafikia kilo 40 tu, lakini ikitazamwa kutoka ubavuni ina ukubwa uleule wa mzigo wa bingwa. Nondo hiyo ina urefu wa mita 2.2, kwa hiyo nafasi yake ipimwe mapema isije ikagonga stendi. Klipu za kuzuia sahani zifungwe hata kwa picha. Kipeperushi kinachoonyesha chuma kisicho na klipu kinatangaza uzembe.

Kioo kinarudi tena hapa kwa sura nyingine, kwani hunasa hata wasioombwa: mwanachama anayenyoosha misuli kwenye kona, mama aliyemfuata mwanawe. Sheria haibagui kati ya sura iliyo mbele ya kamera na iliyo kwenye kioo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njia salama ni kupiga saa ambazo jimu imefungwa, kwa wanachama waliotia saini karatasi inayotaja kipeperushi, mabango na mitandao kila kimoja kwa jina lake.

Hatua ya mwisho iko kwa mchapaji, na picha nyingi nzuri huharibikia hapo. Skrini ya simu hutoa mwanga, karatasi haitoi. Giza lililoonekana na mashine zake kwenye skrini linaweza kuchapwa kuwa weusi mtupu, na nusu ya vifaa vya jimu ikapotea. Vivuli hupandishwa kidogo kabla ya kupeleka, kisha inachapwa nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika. Kwa kipeperushi cha A5, chenye milimita 148 kwa 210, picha inahitaji angalau nukta 1748 kwa 2480, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza nukta. Itumwe kama faili. Nakala ya majaribio ikishatoka, itazamwe juani na chini ya taa ya duka. Mashine za nyuma zikihesabika katika hali zote mbili, na namba ya simu ikisomeka kwa mkono ulionyooshwa, mchapaji anaweza kuendelea na nakala zilizobaki.