Msingi wa nyumba kwenye udongo mweusi unaovimba

Udongo mweusi wa mbuga, ambao mafundi wengi wa Kenya huuita blakotoni, hupasuka wakati wa kiangazi hadi mkono ukaingia katika nyufa zake. Mvua za masika zikianza, nyufa hizo hufumba na ardhi ikainuka. Udongo huu umetanda katika tambarare za Athi na Kitengela, mashariki na kusini mwa Nairobi, na katika sehemu nyingi za Tanzania. Sababu ya tabia yake ni madini ya montmorilonaiti, yenye vipande vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Maji hupenya katikati ya kurasa hizo na kuzitenganisha.

Nyumba ya kawaida ni nyepesi mno kuweza kuuzuia udongo huo. Ukuta wa nyumba isiyo na ghorofa, ukikaa juu ya msingi wa ukanda wenye upana wa sentimita 60, hukandamiza ardhi kwa tani 5 au 6 kwa kila mita mraba. Nguvu ya kuvimba ya udongo mkali inaweza kupita tani 20 katika eneo hilohilo. Nyumba basi huinuliwa, na shida huanza pale inapoinuliwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ishara ya kwanza ni milango inayobana wakati wa mvua na kulegea wakati wa kiangazi. Baadaye hutokea nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha.

Katikati ya nyumba huinuka polepole. Sakafu huziba njia ya mvuke, kwa hiyo unyevu hujikusanya chini yake mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana nyumba inaweza kukaa salama misimu kadhaa kisha ikaanza kupasuka bila mvua kubwa ya kulaumiwa. Kingo za nyumba, kwa upande wao, hupanda na kushuka na kila msimu, hasa penye bomba linalovuja, maji ya paa yasiyo na mfereji, au mti mkubwa unaofyonza unyevu.

Kabla ya kuchagua msingi ni lazima kujua ardhi itapanda kiasi gani. Njia iliyo nyepesi kutumia ni ile ya Van der Merwe, iliyochapishwa Afrika Kusini mwaka 1964. Shimo huchimbwa na sampuli huchukuliwa katika kila tabaka. Maabara hupima mambo mawili: sehemu ya udongo iliyo chembe laini kabisa za mfinyanzi, na tofauti kati ya unyevu ambao udongo huanza kutiririka nao na ule ambao huanza kukatika unapovingirishwa kuwa uzi. Vipimo hivyo huonyesha kundi la tabaka. Tabaka kali sana huhesabiwa kuwa linaweza kuvimba milimita 83 kwa kila mita ya unene, tabaka kali milimita 42, na la wastani milimita 21.

Kadiri tabaka lilivyo chini zaidi, ndivyo uzito wa udongo ulio juu yake unavyolibana na ndivyo mabadiliko ya unyevu yanavyopungua. Kwa hiyo kila kiasi huzidishwa kwa sehemu inayopungua kwa kina: takriban 0.83 kwenye kina cha nusu mita, 0.57 kwenye mita 1.5, 0.39 kwenye mita 2.5 na 0.27 kwenye mita 3.5.

Tuchukue kiwanja cha mfano chenye mita 4 za udongo mweusi, mita mbili za juu zikiwa kali sana na mbili za chini kali. Mita ya kwanza inatoa milimita 69, ya pili 47, ya tatu 16 na ya nne 11. Jumla ni milimita 143, na zaidi ya robo tatu yake inatoka katika mita mbili za juu. Hesabu hii haijapunguza chochote kwa uzito wa nyumba. Ni makadirio ya kuanzia, na jengo kubwa linastahili pia kipimo cha odomita, ambapo kipande cha udongo hubanwa kwa uzito unaotarajiwa, hulowanishwa, na kupanda kwake kukapimwa.

Kinachovunja kuta ni tofauti ya kupanda kati ya sehemu moja na nyingine. Tukiikadiria kuwa nusu ya jumla, ni milimita 70 hivi. Ukuta wa matofali usio na maungio hauvumilii kupinda zaidi ya sehemu moja ya 2,000 ya urefu wake, yaani milimita 5 katika nyumba ya mita 10.

Msingi wa jamvi gumu ni bamba la zege lililofungwa na boriti zinazokatana chini yake. Hauzuii ardhi kupanda. Kazi yake ni kuifanya nyumba ipande kama kitu kimoja, ukivuka juu ya kichuguu au shimo la udongo bila kupinda. Ugumu wa boriti hukua kwa kasi kadiri kimo chake kinavyoongezeka: kimo kikiwa maradufu, ugumu huwa mara nane. Hata hivyo, kuishusha tofauti ya milimita 70 hadi 5 hudai boriti za kimo kikubwa na nondo nyingi mno kwa nyumba ya kawaida. Kama tabaka zote nne zingekuwa za wastani, jumla ingekuwa milimita 43 tu. Hapo jamvi lingefaa sana, hasa kama ramani ya nyumba ni mstatili rahisi na kuta zimegawanywa kwa maungio, kwani kuta za namna hiyo huvumilia sehemu moja ya 800. Kuondoa mita moja ya juu na kushindilia murramu mahali pake husaidia pia. Mawe makubwa yasiyoshindiliwa hayafai, kwani shimo lake hugeuka bakuli la kukusanyia maji.

Kwa kiwanja cha mfano, chaguo bora ni nguzo za ardhini zenye kitako kilichopanuliwa, mbinu iliyoenea sana India kwenye udongo wa aina hii. Tundu la kipenyo cha sentimita 30 huchimbwa hadi mita 6, kisha chombo chenye mbawa zinazofunguka hupanua kitako hadi sentimita 75, yaani mara mbili na nusu. Kitako hicho hukaa chini ya mita 4 zinazovimba na kuishika nguzo kama nanga.

Udongo unapovimba huikwangua nguzo na kuivuta juu. Eneo la ngozi ya nguzo katika mita 4 ni karibu mita mraba 3.8. Mshiko ukiwa tani 4 kwa mita mraba, mvuto ni tani 15. Ukuta huenda ukaleta tani 6 tu juu ya nguzo hiyo, na wakati wa ujenzi hakuna uzito kabisa. Ukingo wa kitako, katika udongo mgumu wa chini, unaweza kuhimili tani 33, zaidi ya maradufu. Nondo nne za milimita 16 lazima zishuke mfululizo hadi ndani ya kitako, la sivyo zege litakatika katikati.

Nguzo nzuri huharibiwa na mambo madogo. Chini ya boriti inayobeba ukuta lazima uachwe mvungu. Kwa udongo mkali wa mfano huu, mvungu wa sentimita 8 unaozoeleka hautoshi. Unapaswa kuzidi sentimita 14, na usijazwe kifusi. Sakafu nayo ibebwe na boriti, isilazwe juu ya udongo. Vitako havichimbiki penye mchanga unaoporomoka, maji ya juu au mawe, na kabla ya zege kumwagwa kila kitako kikaguliwe kwa taa na kusafishwa.

Pale udongo mweusi unapokuwa na unene wa mita moja au moja na nusu tu juu ya mwamba, jamvi na nguzo vyote viwili ni gharama ya bure: udongo uchimbwe wote, na msingi ukae juu ya mwamba.