Mtoto Aliyeimba Habari za Kuku

Katika nyumba moja ya Wakristo huko Kirumba, Mwanza, mwezi wa Julai, mtoto wa miaka miwili alikuwa akiimba kila jioni, "Kuku mmm, tatipu." Jirani yao alikuwa amepotewa na kuku, naye aliposikia maneno hayo alidhani yule binti mlezi, mwenyeji wa Ukerewe, ana habari ya wizi. Binti alipoulizwa ni nani aliyemfundisha mtoto wimbo wa kuku, alijibu kwamba hajui wimbo wowote wa kuku. Alisema kweli, lakini hakusadikiwa.

Mama wa mtoto, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, hakutaka kumfukuza binti kabla ya kupima jambo lenyewe. Kwanza aliacha maneno, akasikiliza sauti tu. Mtoto wa umri huo hawezi kushika urefu wa kila sauti sawasawa, lakini hushika mapigo, na hushika mahali wimbo upandapo na ushukapo. Mama akapiga mapigo mezani kwa kidole: sauti ya kwanza ndefu kidogo, ya pili juu yake hatua moja, ya tatu imerudi mahali pa kwanza, ya nne imeshuka na kukaa sana. Kisha mambo yaleyale mara ya pili. Baada ya hapo mtoto alipaza sauti kama anayeita mashua iliyo mbali, kwa maana wimbo hapo waruka juu kuliko koo lake liwezavyo.

Ndipo akayarudia maneno. Watoto huacha silabi za mwanzo zisizotiwa mkazo, nao hushika mbili za mwisho, maana katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili toka mwisho. Basi "tipu" yaweza kuwa mwisho wa neno lenye "tifu", kwa kuwa f ni ngumu kwa mtoto, na p ni nyepesi. Na "kuku"? Neno "usiku" likipoteza u ya kwanza, na "si" ikafuata "ku" iliyo jirani yake, huwa "kuku" kabisa. Ile "mmm" ndefu ilikuwa m ya "mtakatifu", iliyoangukia sauti ile ikaayo.

Kumbe ulikuwa "Usiku Mtakatifu", wimbo wa Noeli uliotungiwa sauti na Franz Gruber huko Austria mwaka 1818! Nani angeufikiria mwezi wa Julai?

Hata hivyo mama hakumwuliza mtoto, "Ndio huu?" Mtoto mdogo huitikia ndiyo kwa kila kitu. Aliimba wimbo mwingine akanyamaza katikati. Mtoto akamtazama tu. Akaimba ule wa Noeli, akakoma kabla ya neno la pili kwisha. Mtoto akamalizia, "Tipu!"

Binti alipoitwa alisema, "Ndiyo, mama, huo namwimbia nimlazapo. Wabembeleza vizuri."

Jirani alikuja kesho yake kuomba radhi. Kuku hakuonekana.