Je, Wajua? Si Kila Funza Husubiri Nyama Ioze

Je, wajua kwamba yuko inzi anayetaga kwenye kidonda kibichi cha mnyama aliye hai? Wataalamu humwita Chrysomya bezziana. Anapatikana Afrika, kusini mwa Sahara, na sehemu kadhaa za Asia, na mwili wake hung'aa kijani au buluu. Jeraha la kuumwa na kupe au sikio lililotoboliwa kwa hereni linamtosha. Ila kwa mbuzi na kondoo, mahali pa kuchungwa zaidi ni kitovu cha mtoto aliyezaliwa karibuni.

Tuseme mwanambuzi amezaliwa Jumatatu na kitovu hakikupakwa ayodini. Jumanne jioni inzi anatua, anapanga mayai meupe zaidi ya mia ukingoni mwa kidonda. Jumatano yameanguliwa. Funza wanazama kichwa chini ndani ya nyama nzima na kuacha nje ncha za mikia tu, maana huko ndiko wanakopumulia. Ukiinama karibu unaona vidoa vyeusi viwiliviwili vikichezacheza kwenye majimaji yenye damu. Harufu mbaya huwa imeshaanza, na kitoto kinaacha kunyonya. Funza wakiachwa, ndani ya wiki moja wanadondoka na kujifukia ardhini ili wawe inzi.

Kabla daktari wa mifugo hajafika, mtu mmoja amshike mnyama, mwingine anyoe manyoya kuzunguka kidonda, kwani mayai hujificha humo. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe hadi vuguvugu, kisha suuza taratibu. Wakipungukiwa hewa, funza hujitokeza. Watoe mmojammoja kwa kibano butu bila kuwapasua. Kwenye kitovu, usichokonoe wala usisukume maji kwa nguvu, huenda tundu limefika tumboni. Usiwatupe chini: watie kwenye maji yanayochemka, na wachache uwahifadhi kwenye spiriti ili daktari awatambue.

Mafuta ya taa, petroli na maji ya betri viache kabisa. Vinaunguza nyama iliyobaki, na funza wa chini huenda wakafia ndani na kuoza humo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usiimimine kidondani. Kwa paka ni hatari zaidi, maana pemethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuua kupe, inaweza kumuua.

Ukimaliza, funika kidonda kwa kitambaa safi kilicholegea, mweke mnyama kivulini pasipo na inzi, na umpe maji. Kama amelegea, ana homa, au kidonda kiko jichoni, sehemu za siri au tumboni, acha kusafisha umkimbize kwa daktari. Hata aliyechangamka bado anamhitaji, kwa sababu vijifuko vya ndani havionekani kwa macho, na harufu ya kidonda huwaita inzi wengine kuja kutaga siku hiyohiyo.