Taja jina kwanza, makiwa baadaye

Tuseme mfiwa ni mwalimu mstaafu wa Tanga, mzee aliyepoteza nuru ya macho miaka mingi iliyopita kwa presha ya macho. Dada yake mkubwa amezikwa jana. Leo ameketi jamvini chini ya turubai, na wanaume wa mtaa wanaingia kumpa mkono. Kila mmoja anavua viatu, anainama, anamshika kiganja, ananong'ona "makiwa" au "pole, mwalimu", kisha anasogea kumpisha mwenzake. Kufika adhuhuri mzee ameshikwa mkono na watu wengi wasiohesabika, na akiulizwa nani amefika atawataja wachache tu, wale wenye sauti nzito au kikohozi anachokijua.

Kwetu jambo hilo si dogo. Mtu huenda msibani ili aonekane na mfiwa, na mfiwa huweka kumbukumbu ya waliofika maana kesho atawalipa kwa kwenda kwao. Aliyenong'ona "pole" akapita, kwa upande wa mzee huyu hakufika. Mwezi ujao watakutana msikitini, mzee hatasema neno la shukrani, na yule bwana atarudi nyumbani akinung'unika kwamba mwalimu siku hizi ana maringo.

Dawa yake inachukua pumzi moja. Kabla ya kumgusa, sema: "Mwalimu, ni Juma, yule wa duka la baiskeli, mtoto wa Mama Rehema. Nakupa mkono." Kumwita kwanza kunamjulisha kwamba maneno yanamlenga yeye, kwa sababu asiyeona haoni uso wako umeelekea wapi, na pale turubaini watu kumi wanasemeshana kwa wakati mmoja. Jina linafuata, pamoja na kitambulisho, kwani kina Juma wamejaa mtaani. Mkono unakuja mwisho, akiwa tayari. Kiganja kinachotokea ghafla kikamnyakua mtu asiyekiona kinashtua, hata kama ni cha rafiki.

Wengi huona haya kujitaja. Tumelelewa kujibu "mimi" tunapoulizwa nani anabisha hodi, na anayejitangaza jina huonekana anajikweza. Juu ya hilo kuna imani kwamba asiyeona amepewa masikio ya ajabu, anamjua kila mtu kwa sauti. Ni kweli kwamba anayeitegemea sauti huizoea zaidi, lakini sauti ina mipaka yake. Neno moja la kunong'ona halina vitu vinavyomtambulisha msemaji, kama mwendo wa maneno, lafudhi na kicheko. Mafua hubadilisha sauti, uzee huibadilisha, na mvua juu ya turubai au jenereta la jirani huimeza. Zaidi ya hayo, mahali husaidia kutambua: sauti ya muuza samaki inajulikana haraka sokoni kwa sababu inatarajiwa pale, na inapotea ikisikika hospitalini.

Ndiyo maana mchezo wa "kisia mimi ni nani" unakera kuliko tunavyodhani. Anayeuliza hivyo kwa kawaida ana mapenzi, anataka kusikia kwamba hajasahauliwa. Lakini anamweka mwenzake kwenye mtihani mbele ya watu, na akikosea jibu anapewa lawama ya "umenisahau!", ambayo kwa Mswahili ni tuhuma nzito. Mwenye macho aliyekusahau ana nafasi ya kuangalia nguo zako, gari lako, watu ulioandamana nao, akajikwamua kimya kimya. Asiyeona anadaiwa jibu papo hapo.

Shikamoo nayo ina mtego wake. Mdogo ndiye anayeanza, na mkubwa husubiri. Sasa kijana asiyeona wa miaka ishirini na tano amesimama kituo cha daladala, na mzee wa mtaani kwake anapita, anasimama hatua mbili mbele yake, anangoja aamkiwe. Hapati kitu. Anaondoka akisema watoto wa leo hawana adabu, na kijana hata hajui kwamba alikuwapo mtu. Au mzee anasema "habari za leo", kwa sauti inayoweza kuwa ya mtu wa miaka thelathini au sitini, na kijana anajibu "safi, kaka". Hapa mkubwa inabidi aanze, tena kwa jina: "Mwanangu, mimi Mzee Salehe wa nyuma ya zahanati." Shikamoo itakuja yenyewe. Sioni kama heshima ya mzee inapungua chochote, ingawa najua wapo watakaobisha.

Nusu ya pili ya adabu hii, ile ya kuaga, husahaulika hata na wale wanaojitaja vizuri. Profesa John Hull, aliyefundisha elimu ya dini Birmingham na kupofuka kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alirekodi mawazo yake kwenye kaseti na kuyatoa kitabuni mwaka 1990. Alieleza jinsi watu kwake walivyotokea pasipojulikana na kutoweka hivyohivyo, kwa kuwa aliyenyamaza ni kama hayupo.

Jamvini jambo hili ni baya zaidi kuliko ofisini. Kiti hulia mtu akiinuka, na viatu husikika sakafuni. Juu ya jamvi watu wako peku, na anayeitwa kwa ishara kwenda kubeba maji huondoka bila sauti yoyote. Mzee wetu anaendelea kumsimulia habari za marehemu dada yake, anauliza "unakumbuka?", na anajibiwa na ukimya. Halafu anasikia kicheko cha mtoto. Hayo yakitokea mara mbili au tatu, mtu hujifunza kutozungumza mpaka aulizwe, na wageni husema amekuwa mkimya tangu apofuke.

Kumuaga vizuri ni kutaja kwamba unaondoka na kumwambia nani anabaki: "Mwalimu, naitwa nje kidogo. Rajabu yupo kushoto kwako." Ukirudi, jitaje tena. Ukiwa hujaondoka ila unasoma simu, sema hivyo pia, maana ukimya wako hauna tofauti na kuondoka. Na kama ulikuwa umemshika mkono ukimwongoza, usimwache katikati ya uwanja. Mfikishe kwenye ukuta, nguzo au kiti, mkono wake ukishagusa ndipo uage. Pasipo kitu cha kugusa hajui ameelekea wapi, na fimbo nyeupe haiwezi kumwambia mlango uko upande gani.

Mkewe au mwanawe wa nyumbani hana haja ya kujitangaza kila anapopita jikoni. Hatua zao anazijua, na kuwalazimisha kungekuwa kichekesho. Kwa wengine, mwenyewe atakwambia akishakuzoea. Na kijana anayemsindikiza si mkalimani wake. Kumuuliza kijana "babu atakunywa chai?" wakati babu amekaa hapohapo ni kumfanya babu asiwepo, na kijana mwenyewe huenda hawajui nusu ya waliokuja.

Jioni daftari la rambirambi litasomwa, na hapo mzee atajua waliotoa pesa. Waliochimba kaburi na walioteka maji hawamo daftarini. Akitaka kuwajua, mmoja wa ndugu akae naye amtajie hao nao kwa majina, kabla turubai halijakunjwa na watu hawajatawanyika.