Tezi ya Kichwani Inapoacha Kuagiza

Chukua mfano wa mama aliyevuja damu nyingi sana baada ya kujifungua, akaongezewa damu, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikapukutika, na uchovu ukawa sehemu ya maisha yake. Miaka sita baadaye anaugua homa ya kawaida, anatapika, anazirai.

Kilichompata kilielezwa na daktari Mwingereza Harold Sheehan mwaka 1937. Wakati wa ujauzito, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hukua na kuhitaji damu nyingi zaidi. Mama akipoteza damu ghafla, tezi hiyo hukosa damu na sehemu yake kubwa hufa. Kazi yake mojawapo ni kutoa homoni inayoziagiza tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitengeneze kortisoli. Bila kortisoli ya kutosha, mwili hauwezi kuhimili maradhi wala kulinda shinikizo la damu. Kwa mama huyu adrenali hazikuwa na kasoro. Zilikosa agizo, na kwa muda mrefu zikasinyaa.

Katika ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1855, adrenali zenyewe ndizo zilizoharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu au kwa kushambuliwa na kinga ya mwili. Pituitari huzidi kuagiza bila kujibiwa, na homoni hiyo ikizidi huchochea rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi, weusi huo mpya hutafutwa kwenye mistari ya viganja, ufizi na makovu mapya. Mama wetu hana weusi huo, kwani homoni yenyewe imepungua. Pengine hata chuchu zake zimepauka.

Tofauti ya pili iko kwenye chumvi. Aldosteroni, homoni ya adrenali inayozuia sodiamu isipotee kwenye mkojo na kuitoa potasiamu, huongozwa zaidi na figo kuliko pituitari. Mgonjwa wa Addison huikosa, hivyo hutamani chumvi na potasiamu yake hupanda. Mama huyu bado anayo. Vipimo vyake vinaonyesha potasiamu 4.1, ya kawaida, lakini sodiamu ni 122, chini mno. Chumvi yake haijapotea: upungufu wa kortisoli umefanya mwili ushikilie maji, nayo yameizimua sodiamu. Potasiamu ya kawaida, basi, isimfanye daktari auondoe ugonjwa huu mawazoni.

Mama huyu anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kisha vidonge vya kila siku, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 zikigawanywa. Fludrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni, haimhusu. Na ikiwa homoni ya shingo nayo imepungua, haidrokotisoni itangulie: thairoksini ikianza peke yake huharakisha kuisha kwa kortisoli kidogo iliyobaki, na yaweza kumwangusha tena.